Mteja hajatokea: umpigie, umwandikie wasapu au umtumie voisi? Ulinganisho kutoka saluni

Jumamosi saa 3 asubuhi umeshafungua, umefagia, rasta umezichambua, msaidizi wako ameshakaa na kitana mkononi, mteja wa rasta ndogo ndogo za mgongoni hayupo. Saa 3 na robo hayupo. Kichwa kama hicho wasusi wawili kinawachukua masaa matano mpaka sita, yani huyo ndio Jumamosi yako karibu yote, na kuna wateja wawili wengine jana uliwaambia hakuna nafasi kwasababu yake. Hapo mkono unaenda kwenye simu huku moyo una hasira, na hapo ndipo wengi tunampoteza mteja, sio kwa sababu hakuja ila kwa tulichomwambia baada ya kutokuja.

Mimi nasuka Sinza miaka kadhaa sasa na njia zote tatu nimezitumia sana, simu, maandishi na voisi, kwahiyo naziweka hapa moja moja ujue ipi inafaa kwa nani na saa ngapi, maana kila moja ina mteja wake na ukiikosea inakugharimu.

Naanza na simu kwasababu ndio wengi tunaikimbilia. Uzuri wake ni jibu la papo hapo, ndani ya dakika moja unajua anakuja au haji na unaweza kumpa kiti mtu mwingine. Ubaya wake ni kwamba mtu aliyesahau au aliyebanwa akiona jina la msusi wake linaita anashtuka, anaona aibu, na mtu mwenye aibu hapokei. Anaiacha iite mpaka ikatike. Sasa wewe unapiga tena, na tena, yeye anaangalia simu inaita, na kila ikiita aibu inaongezeka mpaka inafika mahali anaona bora atafute saluni nyingine kuliko kuja kukutazama usoni. Hapo hata hujaongea neno baya, ni idadi ya mara ulizopiga tu imeshaongea.

Hili lilinikuta. Mteja wangu wa siku nyingi hakutokea, nikapiga mara sita ndani ya nusu saa, hakupokea, nikamwandikia "ungesema tu kama huji, watu tuna kazi". Hakujibu. Wiki mbili baadae jirani yake ndio akaniambia baba yake alikuwa amezidiwa asubuhi ile wakamkimbiza hospitali, simu ilikuwa kwenye pochi. Alipoitoa alikuta simu zangu sita na ile meseji. Hakurudi tena, wadogo zake wawili nao ambao nilikuwa nawasuka hawakurudi. Mimi sikupoteza nafasi ya Jumamosi moja, nilipoteza vichwa vitatu vya nyumba moja.

Ila simu kuna watu inawafaa kuliko chochote, nao ni wamama watu wazima. Mama wa miaka sitini wasapu anaangalia jioni akivaa miwani, na ukimwandikia tu bila kumsikia sauti anaona kama umemtumia barua ya kazini. Huyo mpigie mara moja, na kwenye simu usianze na miadi. Anza "shikamoo mama, za nyumbani, wajukuu hawajambo?", alafu nyamaza kidogo. Mara nyingi hapo hapo atakuambia mwenyewe "mwanangu, kumbe leo nilikuwa nije kwako!", na akishasema mwenyewe basi kazi imeisha, hukumkumbusha wala hukumlaumu, unabaki na kumpangia siku. Asipokumbuka unamwambia "nilikuwa nakujulia hali mama, na nilikupangia saa 3 asubuhi hii, nikasema labda umepata dharura". Mara moja tu lakini, asipopokea usirudie, ataiona na atapiga.

Voisi sasa. Kuna wasusi wenzangu wanaipenda sana wanasema inaleta ukaribu, na kweli kwa mteja ambaye mna mazoea ya kutumiana voisi haina tatizo. Lakini kwa mambo ya kukosa miadi mimi nimeiacha, na sababu ni moja, sauti haifichi. Umekaa dakika ishirini unamsubiri mtu, ukisema "dada uko salama?" maneno ni mazuri lakini sauti inasema mengine, na yeye anaweza kuirudia kuisikiliza mara tatu na kumsikilizisha na dada yake waipime. Alafu voisi haisomeki haraka, mtu yuko kwenye daladala au kikaoni hawezi kuifungua, anaiacha, inazama chini ya nyingine. Na saa na tarehe zikiwa ndani ya voisi akitaka kuangalia baadae inabidi asikilize yote tena. Kwahiyo kama moyo wako umetulia kabisa na mteja mna utani, sawa, itumie ila iwe chini ya sekunde ishirini. Vinginevyo andika.

Maandishi ndio njia ninayoichagua kwa wateja walio wengi, na nitakaa hapa zaidi kwasababu hapa ndipo neno moja linaweza kubadilisha kila kitu.

Linganisha hizi meseji mbili, zote nimewahi kuzituma. Ya kwanza: "Mambo, mbona hukuja leo?" Ya pili: "Habari dada, uko salama? Nilikupangia saa 3 asubuhi hii na hatujaonana bado. Kiti nimekushikia mpaka saa 4 kamili, kama leo imekuwa ngumu niambie tupange siku nyingine." Ya kwanza ni fupi na haina tusi lakini watu wanaijibu kwa kujitetea au hawaijibu. Ya pili wanaijibu.

Tofauti iko kwenye vitu vidogo vya lugha yetu wenyewe. "Hukuja" inafunga mlango, imeshapita, wewe ndio ulikosa. "Hatujaonana" bado iko wazi, inamaanisha tutaonana, na imetubeba wote wawili, sio yeye peke yake. Hata "hujafika" ni nafuu kuliko "hukufika" kwasababu hiyo hiyo. Neno "mbona" nalo lifute kabisa, hata ukiliandika na emoji ya kucheka bado ni swali la mama kwa mtoto. "Ulisema utakuja" pia hapana, hiyo ni kumkumbusha ahadi, na anayekumbushwa ahadi anajihisi mdaiwa. Badala yake mimi naanza na nilichofanya mimi: nilikupangia, nimekushikia. Ukisema ulichofanya wewe mwenyewe hakuna anayetuhumiwa na ukweli wote umefika.

Kuna kitu kingine naona wengi wanakosea wakitaka kuwa wapole, wanaandika "hamna shida kabisa dada, usijali" kabla hata mteja hajasema neno. Inaonekana ni wema lakini ina matatizo mawili. Moja, umemsamehe mtu ambaye hajaomba msamaha, kwahiyo umeshamwambia amekosa. Pili, umemfundisha kwamba Jumamosi yako haina uzito, na mwezi ujao asipokuja hatapata hata wazo la kukuambia. "Uko salama?" inatosha. Akishajibu na akasema kilichomkuta ndio unasema pole, na ukisema pole iache isimame yenyewe, usiweke "lakini" baada yake. "Pole sana lakini ungeniambia" inafuta ile pole yote.

Muda wa kutuma nao una tofauti. Nimejaribu kutuma dakika tano baada ya saa ya miadi, mtu yuko foleni ya Ubungo anakuja anaona kama unamkimbiza. Nimejaribu kusubiri mpaka jioni, hapo ameshaona umekaa kimya siku nzima akafikiri umekasirika, na kiti kimelala bure. Kwa kichwa cha masaa matano naona dakika ishirini ndio sawa, kwasababu akichelewa mpaka saa nzima bado unaweza kumaliza kabla ya giza, na kama haji bado unaweza kumuita mtu mwingine wa kazi ndogo. Kwa kazi fupi kama kuosha na kubloo dakika kumi zinatosha. Na ule mpaka uliomuandikia, "nimekushikia mpaka saa 4 kamili", uheshimu kweli. Saa 4 ikipita mpe mtu mwingine kiti bila kinyongo, ulishamwambia.

Ukishatuma angalia tiki. Tiki moja ya kijivu maana yake haijamfikia, simu imezima au bando limeisha, na hapo wasapu haikusaidii, chukua yale maneno yale yale utume kwa meseji ya kawaida maana hiyo haihitaji bando. Tiki mbili za kijivu imefika kwenye simu yake lakini haijaonekana kusomwa, vumilia, na ujue wengine wamezizima za bluu kwahiyo hata akisoma hutaziona. Tiki mbili za bluu na hajibu ndio mtihani wenyewe, na hapo nakuomba usitume alama za kuuliza wala "umeona meseji yangu?". Ameiona. Anatafuta maneno. Mwache mpaka jioni.

Nikupe mfano mmoja ulivyokwenda mwanzo mpaka mwisho, maana ndio ulionifanya niwe makini na hii kitu. Mteja mpya, aliletwa na rafiki yake, tukapangana kwa wasapu. Jumamosi saa 3 na dakika 20 hayupo, nikamtumia ile meseji ya "hatujaonana bado". Tiki moja. Dakika tano baadae nikaituma kwa meseji ya kawaida. Kimya. Saa 4 ikafika nikamchukua binti aliyekuja kusuka nywele za mkono. Saa 4 na nusu simu ikaita meseji: "Dada jamani mimi nilijua saa 9 mchana, si nilikuandikia 9?" Nikapanda juu kwenye maongezi yetu nikakuta kweli, aliandika "j'mosi 9 inafaa?" na mimi nikajibu "inafaa karibu". Yeye aliandika saa yetu, 9 ya alasiri. Mimi nikaisoma ya kwenye simu, 9:00, ambayo ni saa 3 asubuhi, kwasababu vichwa vikubwa vyote nazoea kuanza asubuhi. Kosa lilikuwa la wote na zaidi langu mimi ninayepanga ratiba.

Sasa fikiria kama ile asubuhi ningemuandikia "mbona hukuja". Mtu hajakosea chochote, saa yake haijafika, anakuta analaumiwa na msusi ambaye hata hajawahi kumuona. Kwasababu nilikuwa nimeandika "nilikupangia saa 3 asubuhi" yeye mwenyewe aliona mkanganyiko uko wapi akanionyesha. Nikamjibu: "Kweli dada, nimeona, mimi nilisoma ya asubuhi, samahani. Leo saa 9 naweza kukuanza ila tutamaliza kama saa 3 usiku, au Jumatatu saa 3 asubuhi tukamaliza mapema. Ipi inakufaa?" Akachagua Jumatatu, akaja, na sasa huwa anakuja kila baada ya wiki sita. Tangu siku ile sikubali kuandika saa peke yake, naandika "saa 3 asubuhi, yani 9:00 kwenye simu", na wateja walioko nje wanaokuja likizo hiyo inawasaidia zaidi maana wao wameshazoea kuhesabu kwa saa ya huko.

Umeona pale mwisho nilimpa siku mbili za kuchagua. Hii nayo ina upande wa pili, kuna wanaopenda kusema "niambie utakapopata nafasi". Hiyo ni ya heshima na kwa mtu mwenye msiba au mgonjwa ndio hiyo hiyo utumie, hatakiwi kufikiria nywele sasa hivi. Lakini kwa mtu aliyesahau tu au aliyekwama, "utakapopata nafasi" inamwachia kazi ya kurudi kwako akiwa bado na aibu, na wengi hawarudi, wala sio kwamba hawataki. Siku mbili mkononi zinamrahisishia, anajibu neno moja "Jumatatu" na yameisha. Zisiwe tatu wala nne, akianza kupiga hesabu ataahirisha kujibu. Na moja iwe siku ya katikati ya wiki ambayo una nafasi kweli, usimrudishie Jumamosi nyingine kabla hujajua kilichomkuta.

Jioni, kama bado kimya, natuma moja: "Dada naamini uko salama. Nina nafasi Jumanne saa 3 asubuhi na Alhamisi saa 8 mchana, nikuwekee ipi?" Akikaa kimya bado, baada ya siku nne tano natuma ya mwisho bila swali la miadi kabisa, "nimekukumbuka dada, ukiwa tayari karibu". Meseji tatu, basi. Ya nne ni usumbufu. Nina mteja alijibu ile ya tatu baada ya miezi miwili, alikuwa amesafiri kwa mazishi kijijini, na alianza kujibu kama vile tulikuwa tumeongea jana.

Swali la advansi najua litakuja. Kumdai advansi kwenye meseji ile ile ya kuulizia ni kumwambia hauaminiki, hata uandike vizuri vipi, kwahiyo usiichanganye. Mimi naiomba wakati wa kupanga siku mpya, na naifunga na kitu kinachoonekana: "nitangulizie 10,000 nikununulie rasta za rangi uliyochagua". Hiyo ni kweli na anaielewa, na aliyetanguliza hela ya rasta mara chache anasahau. Ukitaka kusema "wateja wote wa Jumamosi wanatanguliza" basi hakikisha ni wote kweli, kwasababu yule aliyeletwa na rafiki yake atamuuliza rafiki yake. Aliyekosa mara moja huwa simwombi kama hajawahi kukosa kabla. Mara ya pili naomba. Mara ya tatu simpangi tena Jumamosi, namwambia aje siku ya kawaida na akikuta nafasi namsuka, na namwambia kwa upendo kabisa maana bado ni mteja.

Na stetasi. Naomba sana, usiweke "kuna watu hawaheshimu muda wa wenzao" kwenye stetasi siku ambayo mtu hakutokea. Unafikiri anaiona yeye tu, kumbe wanaiona wateja wote mliohifadhiana namba, na kila aliyewahi kuchelewa anajihisi ndio yeye anarushiwa dongo. Kama unataka kujaza kile kiti weka "nafasi moja imepatikana leo saa 5, wa kwanza kusema ndio wake". Mimi imeshanijazia kiti ndani ya dakika kumi, na yule aliyekosa akiiona anajua tu kwamba ulijipanga.

Siku akirudi sasa, ile Jumatatu au Jumanne mliyopanga, anaingia mlangoni na mara nyingi anaanza yeye, "jamani dada siku ile..." Mimi namkatiza, "karibu ukae, maji ya moto yapo, tuanze na kuosha", namvalisha taulo shingoni na namuuliza rasta za mgongoni au za mabegani.